Takbira, kasida, nashidi au taarab: uweke nini asubuhi ya Idi ndugu wakianza kupiga hodi

Kila mwezi ukikaribia kuandama magrupu ya familia yanaanza, nani analeta vileja, nani anapika biriani, alafu mtu anauliza na mziki je, hapo ndo kila mtu anakuja na lake. Bibi anataka takbira tu, shangazi anataka kasida, vijana wanataka zile nashidi za kisasa, na mjomba anasema sikukuu bila taarab si sikukuu. Wote wana haki, ila hivi vitu vinne havifanyi kazi moja na wala si vya saa moja, kwa hiyo naviweka ubavu kwa ubavu hapa tuone kipi kikae wapi. Nazungumzia Idi ndogo ya nyumba za kwetu pwani, Unguja, Tanga, Mombasa na kwengineko, tangu watu wanapoamka alfajiri mpaka inapokaribia adhuhuri, ule muda ambao mlango haufungwi na watoto wanapita kuchukua mkono wa Idi.

Tuanze na takbira maana ndo yenye wakati wake maalum na watu wengi hawaujui vizuri. Kwa madhehebu ya Shafi ambayo ndo ya wengi pwani, takbira ya Idi ndogo inaanza jua likizama usiku wa kuamkia sikukuu, na inakoma imamu anapoingia kwenye sala ya Idi. Yani wale wanaorudi kutoka uwanjani alafu wanaiacha spika inaendelea na takbira mpaka saa tano, hawafanyi kosa la kutisha, ni dhikri na dhikri haina ubaya, ila ule wakati wake wenyewe umeshapita. Uzuri wake uko pale alfajiri, nyumba ikiwa bado ina harufu ya udi wa jana, watu wanapokezana bafuni, mama anakumbusha zakatul fitri kwa ambaye hajatoa na kila mtu apate tende asubuhi hiyo kabla ya kutoka. Hapo takbira inakufanya ujue leo ni leo. Ina faida nyingine kubwa, kila mtu anaijua kwa moyo, kuanzia mtoto wa chuoni mpaka mzee wa miaka themanini, hamna anayehitaji kutafsiriwa.

Lakini takbira iliyorekodiwa ina udhaifu wake. Zile rekodi ndefu za saa nzima zinarudia maneno yale yale, na ukiziweka wakati wageni wanaongea zinageuka kuwa kelele ya nyuma, jambo ambalo wazee wengi hawalipendi kabisa, manake kwao takbira ni ya kutamkwa na mdomo na sio ya kupigiwa stori juu yake. Ushauri wangu hapa ni mmoja tu, iweke chini chini kama ya kuongoza, na watu wa nyumbani waitikie wenyewe huku wanapiga pasi kanzu, ile ndefu yenye "Allahu akbar kabira" ikifika watoto wataidaka kwa wakubwa na mwakani wataijua. Mkitoka kwenda kusali izimeni, na mkirudi anzeni kitu kingine.

Kitu hicho kingine kwa maoni yangu ni kasida ya dufu, na naomba niseme wazi kwamba kama nyumba yako itaweka kitu kimoja tu basi kiwe hiki. Kasida ina mwimbaji anayetoa beti na wenzake wanaitikia, kwa hiyo mgeni akikaa dakika mbili tu kiitikio kimeshamuingia na utamkuta anaitikia na kikombe cha chai mkononi, hata kama beti zenyewe ni za Kiarabu. Ina mwendo, dufu linakupa furaha ya sherehe, na mambo yake mengi ni kumsifu Mtume na kushukuru, kwa hiyo mzee haoni aibu na mtoto haoni uchovu. Na wengi wetu tumezipata chuoni, tulizisoma kwenye maulidi tukiwa wadogo, kwa hiyo zikianza tu shangazi waliotoka Mtwara na waliotoka Lamu wanakuwa wamesoma shule moja.

Sasa shida ya kasida ni hii, watu wanachagua kwa mdundo na hawasikilizi maneno. Si kila kasida yenye dufu la kuchangamka ni ya furaha. Kuna kasida za kuuaga mwezi wa Ramadhani, nzuri sana, zinasomwa kwenye kumi la mwisho na watu wanalia kwa haki, lakini ukiiweka saa mbili asubuhi ya Idi kwenye nyumba iliyofiwa na baba ndani ya mwaka ule, umewaliza watu wakati wamejikaza kuja kufurahi. Kuna kasida za kaburi na mauti, kuna za mawaidha ya watoto wasiowaheshimu wazazi, na kuna za harusi zinazomtaja bwana na bibi harusi kwa majina, na hizi zote ukitafuta "kasida" kwenye simu zinakuja kwenye mafungu yale yale na picha zile zile za msikiti na mwezi. Namna ya kuzitambua haraka ni kusikiliza kiitikio cha mwanzo, ndo kinachorudiwa mara ishirini na ndo watu watakachokishika. Kikitaja kwaheri, machozi, udongo au safari ya mwisho, iruke. Alafu sikiliza na beti za katikati japo mbili, manake kuna zinazoanza na salamu za sikukuu zikaishia kwenye adhabu.

Jambo lingine la kasida ni urefu na spika. Nyingi zinaenda dakika sita mpaka kumi, na zile zinazofuata mtindo wa Maulidi ya Homu zinaanza taratibu sana kisha zinapanda polepole, ule upandaji wenyewe ndo utamu wake. Nyumba ya wageni wanaoingia na kutoka kila robo saa haiwezi kuufuata huo mwendo, mtu ataingia ikiwa bado taratibu na kutoka kabla haijapanda, kwa hiyo hizo za Homu zibaki za jioni mkiwa mmekaa. Na kuhusu spika, zile spika ndogo za blututhi zenye besi kubwa zinaliharibu dufu vibaya, linakuwa kishindo tu na maneno yanazama. Kama spika yako ina sehemu ya kupunguza besi ipunguze mpaka uyasikie maneno, na usiiweke juu ya meza ya mbao au ndani ya kabati, weka kwenye kitu kigumu kisichotetemeka, hata dirishani kwenye ukingo wa zege.

Nashidi za kisasa, hizi za Kiarabu na Kiingereza na nyingine za Kituruki, zinaingia wapi? Zina faida tatu za kweli ambazo kasida haina. Ni fupi, dakika nne tano, kwa hiyo ukikosea moja hamuumii sana. Zimerekodiwa vizuri, kwa hiyo hata kwenye simu tupu sauti inatoka safi. Na ndizo wanazozijua watoto wa ndugu waliozaliwa Muskati, Leicester au Toronto, ambao ukiwawekea kasida ya Kitanga wanakaa kimya na kuangalia simu zao, lakini nashidi ikianza wanaimba wote na binamu zao wa hapa, na hicho ni kitu kikubwa sana asubuhi kama hiyo kwa sababu hawa watoto wamekutana jana tu na hawana lugha moja. Waimbaji wengi wa nashidi pia wanatoa nyimbo ile ile mara mbili, moja yenye ala na nyingine ya sauti tupu, kwenye orodha utaona imeandikwa "Vocals Only". Kwa nyumba ya mchanganyiko chukua hiyo ya sauti tupu, ingawa nikwambie mapema kuna baadhi zinatengenezwa kwa midomo ikafanana na ngoma na gitaa kabisa, na mtu mwenye msimamo akizisikia hatakaa akuulize zimetengenezwaje. Zipime kwanza.

Upungufu wake ni kwamba haziwagusi wazee. Bibi hatakataa, atasema nzuri, ila hataitikia, na sikukuu ambayo bibi haitikii ina kitu kimepungua. Kwa hiyo mimi naziona ni za kuchanganya, moja kila baada ya kasida mbili tatu, na zikae zaidi pale watoto wanapokuwa wengi.

Haya, taarab. Hapa nakaa kidogo kwa sababu ndo panapogombanisha watu, na panagombanisha kwa sababu mbili tofauti ambazo watu wanazichanganya.

Ya kwanza ni ala. Wanachuoni wamehitilafiana kwenye vyombo vya nyuzi na vya kupuliza, wengi wa wa zamani wanavikataza, na kuna wanaoruhusu kwa masharti. Dufu lenyewe limepata nafasi yake kwa sababu ya ile hadithi iliyomo kwa Bukhari na Muslim, wasichana wawili walikuwa wanaimba na kupiga dufu nyumbani kwa Bibi Aisha siku ya Idi, Sayyidna Abubakar akawakemea, na Mtume akasema waache, kila watu wana Idi yao na hii ni Idi yetu. Ndo maana nyumba nyingi dufu halina mjadala siku hii lakini udi, kanuni, fidla na nai vina mjadala. Kama kwenye wageni wako wa asubuhi yupo mtu ambaye unajua anaondoka akisikia ala, basi taarab asubuhi haina nafasi, imekwisha, usianze kubishana naye mlangoni na kanzu yake nyeupe. Amekuja kukutembelea.

Sababu ya pili ni maneno, na hii inawakuta hata wanaopenda taarab kufa. Taarab ni mafumbo. Tumelelewa tukijua kwamba kwenye ukumbi mwanamke anayeinuka kwenda kumtunza mwimbaji anaangalia beti gani ndo ainuke, na akiinuka na ile noti yake anatembea taratibu akimpitia yule anayemlenga, na ukumbi mzima unaelewa bila jina kutajwa. Sikio la mtu wa pwani limefundishwa hivyo. Kwa hiyo ukiweka rusha roho asubuhi ya Idi na wimbo ukawa unamsema mtu mwenye choyo, au mke aliyeachwa, au mtu anayejipendekeza pasipotakiwa, na wakati huo huo wifi mtu akaingia na sahani yake ya kaimati, hamna atakayeamini kwamba ule wimbo ulikuja wenyewe. Nyumba moja naijua, ndugu wawili wa kike walikuwa wamepatana siku chache kabla ya Ramadhani kuisha baada ya ugomvi wa kiwanja, mdogo akaja Idi kwa dada yake kwa heshima zote, alipofika barazani spika ikawa inaimba habari ya mtu kurudi kwa aliyemtupa. Aliyeweka alikuwa kijana wa nyumba, hakujua lolote, kapiga tu orodha iliyokuja yenyewe. Mdogo mtu alikunywa maji, akatoa mkono wa Idi kwa watoto, akaaga. Kuja kuelewana tena ilibidi mama yao aingilie kati.

Mipasho ya aina hii ilishika sana miaka ya 1990 kule Dar, wakati vikundi vya TOT na Muungano wanarushiana maneno jukwaani, na nyimbo nyingi za tangu hapo zimetungwa kwa makusudi zimchome mtu. Ndo kazi yake na inaifanya vizuri sana, ila sio kazi ya sebuleni asubuhi ya sikukuu.

Taarab asilia ya Unguja ni kitu kingine. Ikhwani Safaa wapo tangu 1905, Culture Musical Club wana historia yao tangu 1958, na nyimbo zao nyingi ni za mapenzi kwa lugha ya staha, bado zina mafumbo lakini ya kupendeza zaidi kuliko ya kuuma. Hata hivyo nyingi zinapita dakika kumi, na ni mashairi ya kukaa ukayasikiliza, yakikatizwa na hodi kila mara unayadhulumu. Wengine wanasema basi tuweke za Siti binti Saad zilizorekodiwa Bombay 1928, ni fupi kwa sababu upande mmoja wa santuri ulichukua kama dakika tatu. Ni kweli ni fupi na ni hazina, lakini rekodi zenyewe zina mkwaruzo mwingi, kwenye spika ndogo na watu wanaongea hutasikia kitu zaidi ya vumbi la santuri. Hizo ni za mtu mmoja na hedifoni.

Kama nyumba yako haina tatizo na ala na unataka ladha ya taarab asubuhi, kuna njia nzuri ambayo wengi hawaifikirii, nayo ni bashrafu. Ni kile kipigo cha ufunguzi cha ala tupu, hakina mwimbaji, kwa hiyo hakuna beti la kumchoma mtu yeyote, kinachangamsha na wajomba watafurahi maana wanazijua. Bashrafu mbili zikae pale watu wanapokula, alafu taarab yenyewe ngojeni sikukuu pili au tatu usiku, watu wameshatembeleana na kilichobaki ni kustarehe.

Ngoja niiweke kwenye nyumba moja muone inavyokwenda. Tuseme ni Tanga, mwenye nyumba ni bibi, anatarajia mtoto wake wa kike mwenye msimamo wa kutosikiliza ala, mjomba mpenda taarab, familia iliyotoka Muskati na watoto wanne, na majirani ambao wengine ni Wakristo wanaokuja kula pilau kila mwaka. Alfajiri mpaka kutoka kwenda kusali ni takbira chini chini, watu wanaitikia wenyewe. Wakirudi, hapo kati ya saa mbili na saa tatu, ndo wazee wa mtaa wanapita kwanza, ni kasida za dufu za kumsifu Mtume, tano tu zinatosha saa nzima, na katikati kimya, kimya kinahitajika kwa sababu mzee akiingia anataka kuomba dua na haifai mtu akimbie kuzima spika mikono imeshainuliwa. Saa tatu mpaka nne na nusu watoto wanajaa, hapo ingiza nashidi za sauti tupu kwa kupokezana na kasida za Kiswahili ambazo majirani nao wanaelewa maneno yake. Baada ya hapo chakula kinatoka, kasida mbili za taratibu, na mjomba aelezwe mapema kwamba bashrafu zake ni za jioni binti akishaondoka, kwa sababu kwenye nyumba hii kuna mtu mmoja anayezikataa na mtu mmoja anatosha kuamua. Ikikaribia adhana ya adhuhuri spika inazimwa na haiwashwi tena mpaka watu wapumzike.

Ukihesabu hapo unaona saa zote hizo zimehitaji kama kasida kumi na mbili na nashidi nane hivi, si orodha ya nyimbo mia mbili. Ishirini ulizozisikiliza mpaka mwisho ni bora kuliko mia mbili ulizozikuta zimepangwa na mtu usiyemjua.

Kwenye kuzipiga sasa. Usitumie YouTube moja kwa moja ukiwa na wageni kama hulipii, tangazo la kubeti linaingia katikati ya kumsifu Mtume na kila mtu anaangalia chini. Na hata bila matangazo, wimbo ukiisha inaendelea na chochote inachokitaka yenyewe, ndo yaliyomkuta yule kijana. Pakua kabla, panga kwenye folda moja, zipe namba mbele ya majina, 01, 02, 03, ili zifuatane unavyotaka. Na usitumie simu yako ya kila siku. Asubuhi ya Idi simu hailali, kila dakika mtu anapiga kukupa Idi Mubarak, sasa ikiwa imeungwa kwenye spika kasida inakatika, mlio unajaa nyumba nzima, na ukipokea kwa haraka sauti ya anayepiga inatoka kwenye spika mbele ya wageni, na hujui anataka kusema nini. Tafuta simu ya zamani iliyolala kwenye droo, ichaji usiku, toa laini, zima data, iache ifanye kazi hiyo moja. Sauti ipimwe hivi, mtu mmoja atoke barazani apige hodi kwa sauti ya kawaida, na aliyekaa sebuleni mbali na mlango aisikie. Asiposikia, punguza.

Kwa Idi kubwa mpango wa nyimbo ni ule ule ila mambo mawili yanabadilika. Takbira haikomi kwenye sala ya Idi, inaendelea kila baada ya sala za faradhi mpaka alasiri ya tarehe 13 Mfungo Tatu, kwa hiyo baada ya adhuhuri msiwahi kurudisha kasida kabla watu hawajaleta takbira yao. Na kwa sababu ni sunna watu wasile mpaka warudi kusali, na wanaume wengi wanakuwa machinjoni au uani na mbuzi, ile saa ya kasida inasogea mbele, wageni wa maana wanaanza kuonekana saa nne au tano nyama ikishagawiwa. Ukianza saa mbili kama Idi ndogo utakuwa unawapigia kina mama walioko jikoni peke yao, na hao wanajua wanachotaka, waulize wenyewe.